Bei mezani, kelele chini: kisa cha karuseli ya sambusa za kugandisha, Moshi

Usuli

Biashara hii iko Moshi mjini. Inaendeshwa na mama mmoja na wasichana wawili, jikoni kwake nyumbani, na friza mbili. Anauza vitafunwa vibichi vilivyogandishwa: sambusa za nyama, kababu na chapati. Wanunuzi wake ni akina mama wanaoandaa kikao cha vikoba au jumuiya ya Jumamosi asubuhi, wafanyakazi wanaotaka kitu cha kumpa mtoto jioni bila kuanza kusukuma unga, na familia zenye kipaimara au komunyo. Jina la biashara, mtaa na namba za simu vimeondolewa, na bei zimesogezwa kidogo, ingawa uwiano wake umebaki kama ulivyokuwa.

Akaunti yake ya Instagram ilikuwa na wafuasi wa kutosha kwa biashara ya ukubwa huo, na kila posti aliirusha pia kwenye stetasi ya WhatsApp. Lalamiko lake lilikuwa moja: watu wanauliza bei, wanajibiwa, wanapotea. Aliamini tatizo ni bei. Kijana anayemsaidia akaunti aliamini tatizo ni picha. Dada anayeandika matangazo ya biashara ndogo, ndiye aliyeitwa kuangalia, aliomba kwanza asome ujumbe wa wiki mbili kabla hajagusa picha hata moja.

Karuseli ya zamani ilivyosomeka

Karuseli, yaani posti ya picha kadhaa za kutelezesha, iliyokuwa ikirudiwa kila wiki ilikuwa na slaidi tano. Maneno yake ni haya, kama yalivyokuwa:

Slaidi ya 1: «WAHI SASA!!! OFA KALI YA WIKI 🔥🔥 MZIGO UNAISHA»
Slaidi ya 2: «Sambusa tamu balaa, bei poa kabisa, njoo inboksi»
Slaidi ya 3: «Kababu za ukweli, hutajuta mpenzi»
Slaidi ya 4: «Mchanganyiko wa nguvu, badala ya 22,000 sasa 17,000 tu!!»
Slaidi ya 5: «Usikubali kupitwa, weka oda yako LEO»

Ukisoma slaidi tano hizo mpaka mwisho, hujui pakiti ina sambusa ngapi. Hujui kama ni mbichi au zimekaangwa. Hujui kama zinafika Pasua au hazifiki. Unajua tu kwamba unatakiwa uwahi. Ndiyo maana ujumbe uliokuwa ukiingia ulikuwa wa aina moja: «Mambo, bei?», «Shilingi ngapi hizo», «Bei jamani». Kwa wiki mbili ziliingia jumbe 40. Kati ya hizo, 31 zilianza kwa kuuliza bei, na oda zilizotoka ni sita.

Kibaya zaidi ni kilichofuata baada ya kujibiwa. Mtu akishajua bei na kunyamaza, asubuhi yake alipata «Vipi mpenzi, bado hujaamua?», na kesho yake «Bosi wangu, zimebaki chache». Katika mazungumzo manne hivi mteja hakujibu tena kamwe, hata kwa bidhaa nyingine. Mtu aliyeuliza bei tu alijikuta ana deni la kueleza kwa nini hanunui.

Hesabu iliyojitokeza kabla ya kuandika

Hatua ya kwanza ilikuwa kuandika bei zote kwenye karatasi moja, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa sababu bei zilikuwa zinatolewa kwa mteja mmoja mmoja, kwa simu. Sambusa 20 ni Sh 14,000, yaani 700 moja. Kababu 20 ni Sh 12,000, yaani 600. Chapati 10 ni Sh 7,000. Pakiti ya mchanganyiko ina sambusa 10, kababu 10 na chapati tano.

Jumlisha: 7,000 na 6,000 na 3,500 ni 16,500. «Ofa» ya 17,000 ilikuwa ghali kuliko kununua vitu vilevile kwa bei ya pakiti. Mama hakuwa na hila. Alikuwa ameongeza gharama ya mfuko wa ziada na kuzungusha juu. Ile 22,000 iliyokatwa mstari nayo haikuwahi kulipwa na mtu yeyote, kijana aliiweka ili ofa ionekane ofa. Mambo mawili yakaamuliwa hapohapo. Mchanganyiko utauzwa 16,500, na neno «ofa» litaondoka mpaka siku bei itakaposhuka kweli. Bei ya kubuni iliyokatwa mstari ni udanganyifu kwa mnunuzi, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza matangazo ya kupotosha. Lakini hata bila sheria, mama wa vikoba anayetunza daftari la kikundi ataifanya hesabu hiyo kwa dakika moja.

Kwa sababu hiyohiyo neno «imethibitishwa», lililokuwa kwenye wasifu, lilifutwa. Biashara haikuwa na alama ya TBS.

Jaribio la kwanza: orodha ya bei mlangoni

Walivyokubaliana kwamba bei ionekane, wakaenda upande wa pili kabisa. Slaidi ya kwanza ikawa orodha: bidhaa nne, bei nne, rangi ya maziwa, bila kelele. Slaidi zilizofuata zilieleza kila bidhaa.

Haikufanya vizuri. Chini ya posti kulikuja maoni ya aina hii: «Sambusa mbichi mia saba? Stendi napata ya moto mia tano.» Na waliotuma ujumbe waliuliza mambo yaliyokuwa yameandikwa slaidi ya tatu. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote: angalia swali linaloulizwa, kisha tafuta jibu lake liko slaidi ya ngapi. Kama jibu lipo kwenye slaidi ya tatu na watu bado wanauliza, hawafiki ya tatu.

Kilichotokea kinaeleweka. Bei iliyosimama peke yake inatafuta kitu cha kulinganishwa nacho, na kitu cha karibu zaidi kichwani mwa mtu wa Moshi ni sambusa ya stendi. Orodha haikumpa kingine cha kulinganisha. Haikumwambia kwamba pakiti ya 20 imebeba nusu kilo ya nyama, yaani gramu 25 kwa kila sambusa. Haikumwambia kwamba anachonunua ni jioni tatu za kutosukuma unga.

Jaribio la pili, slaidi kwa slaidi

Kanuni iliyowekwa ni kwamba kila bei ikae slaidi moja na kitu chake, na ije baada ya idadi na kilichomo. Mpangilio ni jina, idadi, kilichomo, bei. Bei iandikwe kwa ukubwa uleule wa jina la bidhaa. Ikiwa kubwa kuliko jina, inapiga kelele. Ikiwa ndogo pembeni, inaonekana kama inajificha.

Slaidi ya 1 ilikuwa picha ya sahani ya sambusa na chupa ya chai, na maneno haya:

«Wageni wanafika saa kumi. Sambusa ziko kwenye friza.»
Na chini, kwa herufi ndogo zaidi: «Pakiti nne, bei zake ndani.»

Haina amri hata moja. Hali yenyewe ndiyo inayomvuta mtu aliyewahi kupigiwa simu ya «tunakuja» akiwa hana kitu nyumbani. Mstari wa chini unamhakikishia kwamba hatalazimika kuomba bei, na kwa watu wengi hiyo inatosha kumfanya atelezeshe.

Slaidi ya 2:

«Sambusa za nyama, pakiti ya 20
Nusu kilo ya nyama ya ng'ombe, kitunguu, giligilani, pilipili kidogo
Sh 14,000»

Slaidi hii ilipewa uangalifu kuliko zote isipokuwa ya kwanza. Instagram ina tabia ya kumrudishia mtu karuseli ambayo hakuitelezesha, na safari hii inaanzia slaidi ya pili. Kwa hiyo slaidi ya pili ni mlango wa pili. Ikianza na «Kama tulivyosema...» au ikiwa na picha ya nusu inayoendelea kutoka ya kwanza, mtu huyo anaingia katikati ya sentensi.

Kulikuwa na mvutano kuhusu nini kiwe cha kwanza. Mama alitaka chapati, kwa kuwa ndizo za bei ya chini na «hazitamtisha mtu». Dada mwandishi alisimamia sambusa kwa kuwa ndizo zinazouzwa zaidi na ndizo zenye jambo la kusema. Chapati ya 700 haina siri ya kueleza, nusu kilo ya nyama inayo. Sambusa zikapita.

Slaidi ya 3 ni kababu 20, zikiwa na mstari «Yai, mkate na vitunguu saumu, hazina rangi ya kuongeza». Slaidi ya 4 ni chapati 10, «zimekaangwa nusu». Slaidi ya 5 ni mchanganyiko, na hapa waliacha hesabu ionekane: «Sambusa 10, kababu 10, chapati 5. Sh 16,500.» Bila «tu». Neno hilo dogo likikaa nyuma ya bei, muuzaji anakuwa ameshamwamulia mnunuzi kwamba hela hiyo ni ndogo, na kwa mwenye 10,000 mfukoni inasikika kama kejeli. «Bei poa» na «bei nafuu» ziliondoka kwa sababu hiyohiyo.

Slaidi ya 6 ndiyo iliyoleta shukrani nyingi kuliko zote, ingawa haiuzi chochote. Ilijibu maswali matatu yaliyokuwa yakirudi kwenye simu:

«Usiyeyushe kwanza. Toka friza, ingia kwenye mafuta ya moto wa kati.
Mafuta yakiwa ya moto sana, nje inaungua, ndani nyama bado mbichi.
Umeme ukikatika na zikayeyuka zikiwa bado za baridi, pika siku hiyohiyo. Usigandishe tena.»

Swali la umeme halikuwahi kuandikwa na mtu kwenye maoni. Lilikuwa linaulizwa kwa sauti, kwa simu, na wale waliokuwa karibu kabisa kununua. Mnunuzi wa kitu cha kugandisha anaogopa hasara kuliko anavyoogopa bei, na hofu hiyo haiondolewi na «hutajuta».

Slaidi ya 7:

«Oda za Jumamosi zinafungwa Alhamisi saa 10 jioni, maana nyama tunanunua Ijumaa asubuhi.
Kuletewa Moshi mjini Sh 2,000, hata ukichukua pakiti tano.
Himo na Boma Ng'ombe: Jumamosi, kuanzia pakiti tatu, Sh 4,000.
WhatsApp: namba iko kwenye wasifu.»

Huu ndio mwisho wa muda pekee uliobaki, na umebaki kwa kuwa ni wa kweli na una sababu inayoonekana. «Mzigo unaisha» iliyosemwa kila wiki ilikuwa imeshazoeleka, wafuasi walijua Jumatatu mzigo upo. Alhamisi saa kumi haibishaniwi, kwa sababu mtu yeyote anaelewa safari ya buchani.

Kwa upande wa umbo, slaidi zote zilitengenezwa kwa vipimo vya 1080 kwa 1350, kwa kuwa Instagram inakata slaidi zote kufuata umbo la ile ya kwanza. Maneno yaliwekwa mbali na kingo, na hakuna slaidi ya bidhaa iliyozidi maneno 25.

Kapsheni na majibu ya inboksi

Kapsheni inakatwa baada ya takriban herufi 125, kisha mtu abonyeze kusoma zaidi, na wengi hawabonyezi. Mstari wa kwanza ukawa: «Vitafunwa vya kugandisha, Moshi mjini. Sambusa, kababu, chapati. Pakiti kuanzia Sh 7,000.» Mahali, bidhaa, bei ya kuanzia. Alama za moto na vicheko havikuwekwa. Baada ya hapo ni mistari minne tu, ikirudia bei kwa maandishi ili mtu anayetafuta akiwa na bando dogo asisubiri picha zifunguke.

Inboksi ilihitaji nidhamu zaidi kuliko picha. Jibu la kawaida likawa ujumbe mmoja uliokamilika:

«Karibu dada. Sambusa za nyama pakiti ya 20 ni Sh 14,000. Kuletewa mjini 2,000. Za Jumamosi tunapokea oda hadi Alhamisi saa 10. Ukiamua, nitumie idadi na mtaa ulipo.»

Kisha kimya. Hakuna kufuatilia. Mama alilipinga hili kwa nguvu, akisema mteja akiachwa anasahau. Wakakubaliana kwamba anaweza kuandika mara moja tu, Alhamisi mchana, kwa yule aliyetaja siku yake mwenyewe: «Dada, ulisema Jumamosi. Nakukumbusha tu tunafunga saa 10.» Kumkumbusha mtu alichokisema ni kumhudumia. Kumsukuma kwa alichokiuliza ni jambo jingine. «Mpenzi» na «bosi» zikaondoka. «Dada», «kaka» na «mama» zikabaki, kama watu wanavyoitana sokoni Mbuyuni.

Matokeo

Kwa wiki mbili za karuseli mpya ziliingia jumbe 26, pungufu ya zile 40 za awali. Mama alishtuka, akataka kurudisha maneno ya zamani siku ya tano. Lakini waliouliza bei walikuwa watano tu, na oda zilikuwa 11. Jumbe nyingi zilianza na kitu kama «Nataka mchanganyiko miwili, nipo Majengo». Muda wa kujibu simu ulipungua sana kuliko hata mauzo yalivyoongezeka, na kwa jiko la watu watatu hilo ni jambo la kuhesabu.

Tahadhari moja: wiki ya pili iliangukia mwisho wa mwezi, na mishahara ikiingia vitafunwa vinauzika hata kwa tangazo baya. Oda 11 zote haziwezi kupewa sifa ya maneno. Kinachoweza kusemwa bila wasiwasi ni kushuka kwa swali la bei, kwa sababu hilo halitegemei mshahara.

Kilichokwama

Karuseli haisafiri ikiwa nzima. Watu walipiga skrinshoti ya slaidi moja, hasa ya sambusa, wakaitupa kwenye kikundi cha familia au cha vikoba. Ile slaidi ya saba yenye mipaka ya usafiri ilibaki nyuma. Matokeo yake oda mbili zilitoka Arusha na moja Marangu, watu wakiwa wameshaamua na wengine wameshauliza Lipa namba. Kuwakatalia kulikuwa kubaya kuliko kutowapata. Katika toleo lililofuata kila slaidi ya bidhaa ilipewa mstari mmoja mdogo chini: jina la biashara, namba ya WhatsApp, «Moshi mjini, Himo, Boma». Slaidi iweze kusimama peke yake ikiwa mbali na wenzake.

«Zimekaangwa nusu» haikueleweka. Walioiona walidhani chapati zimeharibika au zimeungua upande mmoja. Ilibadilishwa kuwa «Zimeshapita kikaangoni mara moja. Kwako ni dakika mbili kila upande.» Jambo la kawaida jikoni kwa muuzaji linaweza kuwa kitendawili kwa mnunuzi, na njia ya kulinasa ni kumpa mtu asiyepika asome slaidi kwa sauti.

Tatizo gumu zaidi lilikuwa bei yenyewe kubadilika. Nyama ilipopanda, pakiti ya sambusa ikabidi iwe Sh 15,000. Kapsheni inarekebishika baada ya kurushwa, na slaidi moja inaweza kufutwa, lakini bei iliyoandikwa juu ya picha ndani ya posti haifutiki ikaandikwa nyingine. Na hata posti ikiondolewa, skrinshoti zimeshatawanyika. Mteja mmoja alituma picha ya wiki sita nyuma, yenye 14,000, akitaka pakiti nne. Mama alimuuzia kwa bei ya kwenye picha, akapoteza 4,000 katika mauzo hayo. Uamuzi ulikuwa sahihi, kwa kuwa picha haikuwa na tarehe na mteja hakuwa na namna ya kujua. Tangu hapo chini ya kila bei kuna maneno madogo kama «Bei ya Julai na Agosti», na karuseli inatengenezwa upya kila miezi miwili hata kama hakuna kilichobadilika zaidi ya tarehe.

Uchambuzi

Ukitazama nini hasa kiliondoa ule ukali wa zamani, si upole wa maneno. Rasimu moja ya katikati ilikuwa na maneno laini mno, «tunakukaribisha kwa unyenyekevu ujipatie», na bado ilisumbua kusoma, kwa sababu iliomba bila kutoa taarifa. Kilichobadilisha sauti ni mpangilio: mtu alipewa idadi, kilichomo, bei, namna ya kupika na mipaka ya usafiri kwa utaratibu ambao yeye mwenyewe angeuliza dukani. Akishapata hivyo, hakuna kilichobaki cha kumsukumia.

Bei ya wazi ina gharama yake na isifichwe. Wapo waliokuwa wakiuliza bei, wakazoeana na mama kwenye mazungumzo, wakanunua baadaye kwa sababu ya mazoea. Hao sasa wanaona bei na kupita. Kwa bidhaa ya kugandisha yenye bei moja kwa wote, hasara hiyo ni ndogo. Kwa fundi anayeshona gauni la kitenge kwa kipimo, ambapo bei inategemea kitambaa, mkono na bitana, slaidi yenye bei moja ingekuwa uongo, na angelazimika kuandika bei ya kuanzia pamoja na kinachoipandisha.

Yale maoni ya sambusa ya stendi hayakuisha. Yalirudi hata kwenye toleo la tatu. Kijana alitaka kuyafuta, mama akayaacha na kujibu chini yake: «Kweli kaka, ya stendi ni mia tano na ni ya moto. Hizi ni za kuweka friza, gramu 25 za nyama kila moja. Zote zina wakati wake.» Mtu wa tatu akauliza hapohapo kama kuna pakiti ya kumi. Haikuwepo. Ipo sasa, Sh 8,000, na iko slaidi ya pili, mstari wa mwisho.